Shikilia Apata Mdhamini

Kabla ya Shikilia, kazi yangu ilikuwa kuchora mikono. Mabango ya zahanati: mama ananawa mikono, mtoto ananawa mikono, babu ananawa mikono huku akitabasamu kama aliyeshinda bahati nasibu. Miaka sita. Nilifika mahali nikawa naota mabomba.

Aliyeniokoa ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Yeye ni katibu muhtasi katika chuo cha ufundi, na kila Jumamosi alikuwa akija kwangu, anavua viatu, anajitupa kwenye kochi na kuanza: "Wifi, leo nikusimulie ya Kaimu."

Kaimu alikuwa bosi wake. Kaimu mkuu wa chuo, mwaka wa tisa sasa. Mkuu mwenyewe aliyemwachia kiti alikwenda kutibiwa, akapona, akastaafu, akaoa upya, na huyu bwana bado anakaimu. Kwenye kibao cha mlango wake neno "Mkuu wa Chuo" liliandikwa kubwa mpaka linasomeka getini, na neno "Kaimu" dogo mpaka ulisogelee kama unamnong'oneza mtu. Akitoka kwenda kwenye shughuli zake, koti analiacha kitini ili watu waseme yupo. Ufunguo wa choo cha wafanyakazi unakaa mezani kwake, na anayeutaka anatia saini kwenye daftari: jina, cheo, saa ya kutoka, saa ya kurudi na, safu ya mwisho, "sababu ya safari".

"Watu wanaandika nini?" nilimuuliza wifi siku ile, machozi yananitoka kwa kucheka.

"Wengi wanaandika 'kikazi'."

Hapo ndipo katuni ilipozaliwa. Wifi akaandika maneno, mimi nikachora, mhusika tukamwita Bwana Shikilia kwa sababu ya ile nafasi aliyokuwa akiishikilia. Wifi alikuwa na sharti moja tu.

"Usimchore mfupi, usimchore mnene. Mpe shingo. Akijijua, mimi sina kazi."

Kaimu ni mfupi, mviringo, na kichwa kimekaa moja kwa moja juu ya mabega. Basi nikamchora Shikilia mrefu, mwembamba, na shingo ya kuchungulia ukutani. Tukajiona wajanja.

Tulianza kuitoa mtandaoni, picha zinashuka moja chini ya nyingine ili msomaji asogeze kwa kidole gumba tu. Kila Alhamisi sehemu mpya, bure. Mwanzoni walisoma ndugu, kisha ndugu wa ndugu, kisha watu tusiowajua kabisa wakaanza kutuandikia, "Mmemjuaje bosi wangu?" Tulipoona wanasubiri Alhamisi kwa hasira, tukafungua uanachama. Anayelipia kwa simu kila mwezi anaziona sehemu mbili kabla ya wenzake. Juu ya hapo wifi akaongeza daraja la bei mbaya, akaliita Meza Kuu: aliyeko Meza Kuu anaona michoro ikiwa bado ya penseli, anatajwa kwenye shukrani, na anaruhusiwa kupendekeza kituko kimoja kwa mwezi. Nilimwambia hakuna atakayelipia hiyo. Wifi akaniangalia kwa huruma. Amefanya kazi ofisini miaka kumi na moja. Anajua watu wako tayari kutoa nini ili waketi mbele.

Tulipata na mdhamini mdogo, duka la vifaa vya shule, tangazo lao likawa linakaa chini ya picha ya mwisho. Wakaomba Shikilia aonekane ameshika kalamu yao. Tukamshikisha. Baada ya wiki mbili wakaomba tumnyang'anye, kwani wateja walikuwa wanaogopa kuonekana nayo.

Siku ambayo mambo yaligeuka, nilikuwa napaka rangi sehemu ya ishirini na moja. Simu ikalia: mwanachama mpya wa Meza Kuu, amelipia mwaka mzima kwa mpigo. Kwenye ukurasa wetu alijiita Mpenda Haki. Lakini ujumbe wa malipo haujui majina ya utani. Uliniletea majina yake matatu, kama alivyosajili laini. Nikampigia wifi aje haraka.

"Wifi, kaa kwanza."

"Nimekaa."

"Kaa vizuri."

Nikampa simu. Akasoma jina, akaisogeza mbali kidogo kama inanuka.

"Labda ni mtu wa majina sawa," nikasema.

"Kaandika chochote?"

Alikuwa kaandika. Pendekezo lake la kwanza lilikuwa limeshaingia:

"YAH: TABIA ZA BW. SHIKILIA. 1. Rejea mada tajwa hapo juu. 2. Nawapongeza kwa kumfichua mtu huyu, ambaye mimi namfahamu vizuri na nafanya naye kazi. 3. Mmesahau kwamba hufunga mlango na kufanya mazoezi ya hotuba ya kuthibitishwa cheo mbele ya kioo. Nina uhakika. 4. Nawatakia utekelezaji mwema."

Wifi akashika kichwa. "Ni yeye. Hakuna mwanadamu mwingine anayeandika 'rejea mada tajwa' kwenye simu. Na hiyo hotuba naisikia kila Jumatatu kupitia ukuta! Inaanza, 'Nimepokea heshima hii bila kuitafuta.'"

"Sasa anamsema nani?"

Tulilijua hilo asubuhi iliyofuata. Kaimu alimwita wifi ofisini, akamwambia afunge mlango, akamgeuzia simu.

"Umeona kitu hiki?"

Wifi aliniambia baadaye kwamba aliona maisha yake yote yakipita, pamoja na mkopo wa friji.

"Hapana, mkuu. Ni nini?"

"Tazama shingo hiyo. Tazama vizuri. Hapa chuoni nani ana shingo hiyo?"

Wifi akatazama shingo niliyoichora mimi kwa ajili ya kumficha Kaimu. Na kwa mara ya kwanza akaona: mrefu, mwembamba, anachungulia. Mkuu wa Taaluma! Hasimu mkubwa wa Kaimu, mtu pekee ambaye naye alikuwa akikitaka kile kiti.

"Mkuu wa Taaluma?" akasema polepole.

"Mimi sijamtaja mtu," akajibu Kaimu, ametanua tabasamu. "Wewe ndiye uliyesema. Lakini waliochora hii wanajua kazi yao. Mtu mwenye tamaa ya cheo, mwenye vitisho vidogo vidogo, anayeacha koti kitini!" Na koti lake mwenyewe lilikuwa limetundikwa pale kitini, kwa sababu baada ya nusu saa alikuwa na safari.

Kuanzia hapo tulipata chanzo ambacho mwandishi yeyote angekitamani. Kila mwezi ilikuja barua yenye vipengele. Shikilia huandika barua kwa niaba ya mkuu, kisha hujijibu mwenyewe kwa niaba ya kaimu. Shikilia huitisha kikao cha kupanga tarehe ya kikao. Shikilia alisogeza saa ya ukutani dakika kumi mbele ili kila mtu awe amechelewa. Yote yalikuwa ya kweli, na yote aliyafanya yeye. Alikuwa akijitoa uchi kipengele kwa kipengele, na akiona picha za penseli anaturudishia maoni: "Shingo iongezwe."

Nikaiongeza.

Mkuu wa Taaluma naye alikuwa akisoma, hilo tulilijua kwa wifi, ila yeye alikuwa msomaji wa bure. Alisoma kwenye ngazi, akicheka peke yake, na hakuwa na shaka hata chembe aliyekuwa akisemwa ni nani. Wakikutana koridoni, wote wawili walikuwa wakipeana mikono kwa furaha ambayo chuo hakikuwahi kuiona.

Wanachama walipoanza kudai kitabu cha kushika mkononi, tukaona ugumu. Kuchapa si kubonyeza. Tukafungua maagizo ya awali, watu wakalipia nakala kabla hazijakuwepo, lakini matbaa za mjini zilitaka idadi kubwa kuliko ujasiri wetu. Hapo Mpenda Haki akaandika barua ndefu kuliko zote, safari hii akajitambulisha kwa cheo. Chuo chake kilikuwa na idara ya uchapaji, wanafunzi walihitaji kazi ya vitendo, na yeye kama kiongozi alikuwa tayari kudhamini. Sisi tulete karatasi na wino. Chuo kitie nembo yake nyuma ya jalada, kipewe nakala za kuuza Siku ya Wazi, wazazi wanapoalikwa chuoni, na yeye aandike dibaji.

"Tukatae," nikamwambia wifi.

"Tukatae tuchapie wapi? Kwenye mashine yako ya kufulia?"

Mkataba aliuandika wifi, maana barua zote za Kaimu zilipita kwenye vidole vyake. Kaimu akautia saini akiwa anaongea na simu.

Mwalimu wa uchapaji alikuwa mama mmoja mkavu, vidole vyeusi mpaka kwenye kucha, wanafunzi walimwita Mwalimu Wino. Alizitazama kazi zangu kwenye kompyuta kama daktari anayetafuta namna ya kukupa habari.

"Hizi kumi za mwanzo ulizihifadhi kwa ukubwa wa simu tu?"

"Ndiyo."

"Basi zichore upya. Kwenye karatasi zitatoka zimemeguka kama biskuti. Na hii buluu yako isahau, kwenye wino itakuwa ya msiba." Akahesabu kurasa. "Hamsini na nane. Karatasi yangu ikikunjwa inatoa kurasa kumi na sita. Leta sitini na nne, au punguza mpaka arobaini na nane."

Nilikesha? Hapana, nina watoto. Nilichora asubuhi kwa mwezi mzima, nikavunja zile picha ndefu za kushuka na kuzipanga upya kurasa kwa kurasa, viputo vya maneno nikavihamisha kimoja kimoja. Kurasa sita za ziada tukazijaza kwa shukrani, michoro ya penseli na dibaji. Mwalimu Wino aliisoma dibaji mara mbili.

Ilisema: "Katika kila ofisi yupo Shikilia. Ni wajibu wetu sisi viongozi kumtambua, kumtenga na, ikibidi, kumhamisha."

"Huyu bwana," akaniuliza, "anajua?"

"Hajui."

Akaifuta miwani yake. "Basi nitaichapa vizuri sana."

Siku ya Wazi ukumbi ulijaa. Wazazi, wanafunzi, wafanyakazi wote, na mstari wa mbele bodi ya chuo, katikati yao mwenyekiti: mama mtu mzima, hakimu mstaafu, mwenye sauti ndogo ya watu ambao hawajawahi kulazimika kupaza. Kaimu alivaa suti mpya. Alisema kitabu hiki ni kioo cha jamii. Kisha akasema atawasomea ukurasa mmoja, na kati ya kurasa sitini na nne akachagua ule wa daftari la choo.

Alisoma vizuri, lazima niseme. Alibadilisha sauti. Alipofika pale Shikilia anapomkatalia mzee wa watu ufunguo kwa kuwa safu ya sababu haikujazwa, wafanyakazi walikuwa wamelaliana mabegani. Mlinzi alitoka nje. Mkuu wa Taaluma alikuwa akijipangusa macho kwa tai yake. Kaimu akaona kicheko kile, akamtazama Mkuu wa Taaluma kwa ushindi, akasoma kwa sauti zaidi.

Katikati ya makofi, mwenyekiti wa bodi akamwinamia mhudumu na kumnong'oneza. Mhudumu akababaika, akamtazama wifi. Wifi akatazama dari. Mwenyekiti akaondoka na mhudumu kwa mlango wa pembeni.

Mimi nilikuwa kwenye meza ya kuuzia vitabu, nyuma, na nilielewa dakika ileile alikopelekwa. Nilitaka kukimbia, lakini kulikuwa na foleni.

Alirudi baada ya muda. Kwapani alikuwa na daftari kubwa la jalada gumu. Akapanda jukwaani taratibu, Kaimu akampisha akidhani ni zamu ya salamu.

"Nimechelewa kidogo," alisema kwenye kipaza sauti. "Nilikuwa natafuta kalamu. Mkuu, nimejaza safu zote. Kwenye sababu nimeandika 'uzinduzi wa kitabu'. Inatosha, au niambatanishe na kadi ya mwaliko?"

Sijawahi kusikia ukumbi ukinyamaza namna ile, na kisha kupasuka namna ile. Watu walipiga viti. Mwalimu Wino, ambaye sikuwahi kumwona akicheka, alikuwa amekaa sakafuni. Na Kaimu pale jukwaani, kitabu mkononi: nilimwona akikitazama kile kitabu, kisha daftari, kisha kitabu. Alifungua ukurasa mwingine. Akafungua mwingine. Uso ulibadilika kutoka juu kushuka chini, kama mtu anayesogeza katuni kwa kidole gumba. Nikamwonea huruma. Kwa sekunde tatu hivi, kweli kabisa.

Mwenyekiti akainua mkono, ukumbi ukatulia.

"Nimekaa na viongozi wengi," alisema. "Sijaona hata mmoja aliyegharimia kitabu cha kujicheka mwenyewe, akakiandikia dibaji, na akakisoma mbele ya watu anaowaongoza. Huu ni unyenyekevu."

Sekunde tatu zikaisha. Kaimu akavuta pumzi, akaweka mkono kifuani.

"Mheshimiwa," alisema, "nimepokea heshima hii bila kuitafuta."

Mwezi uliofuata bodi ikamthibitisha. Miaka tisa alitafuta njia ya kukipata kile kiti, na tukampa sisi.

Tulidhani angetufukuza. Alituita ofisini sote wawili, maana alikuwa ameshaulizia akajua anayeandika maneno ni wifi, akatukaribisha chai. Choo kilikuwa wazi, daftari limewekwa kwenye kabati la kioo na kikaratasi: "Chanzo cha ubunifu."

"Mmenifanyia kazi nzuri," alisema, bila kututazama machoni. "Sasa tuingie awamu ya pili. Chuo kitadhamini mwaka mzima. Ila Shikilia abadilike. Atubu. Awe mfano. Kila sehemu ipite kwenye kamati kabla ya kutoka. Na kwenye jalada muandike, 'Wazo: Mkuu wa Chuo'."

"Shingo ibaki?" niliuliza. Ulimi wangu una matatizo yake.

"Shingo ipunguzwe."

Hali yetu haikuwa nzuri, nisijidai. Wasomaji walipoona nembo ya chuo nyuma ya jalada, baadhi waliandika, "Mmenunuliwa," wakajitoa uanachama. Udhamini wa mwaka ungetuzibia mapengo yote. Na wifi alikuwa na kazi yake ya kulinda. Kwa hiyo nikamwachia yeye.

Wifi akaweka kikombe chini. "Mkuu, kwenye mkataba hadithi, wahusika na picha zote ni zetu. Chuo kilidhamini uchapaji wa kitabu kimoja tu."

"Mkataba upi?"

"Ule ulioutia saini."

"Nani aliandika maneno hayo?"

"Mimi, mkuu. Kama ninavyokuandikia yote."

Aliutafuta, akausoma pale pale, nadhani ndiyo karatasi ya kwanza ya wifi aliyoisoma mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwamba kuanzia Jumatatu kituo chake cha kazi ni stoo ya vifaa. Tukatoka. Kwenye ngazi wifi alilia kidogo, akajipangusa, akasema, "Nimemzoea, unajua? Miaka kumi na moja." Nikamshika mkono mpaka getini.

Jioni ile ile tuliwaandikia wasomaji, bila mapambo: udhamini umekufa, hakuna kamati, Alhamisi iko palepale. Baadhi ya waliojitoa wakarudi. Wengine hawakurudi, wamekwishapata kingine cha kuchekea. Mpenda Haki hatukumfuta. Alikuwa amelipia mwaka mzima, na sisi ni watu waaminifu. Michoro ya penseli iliendelea kumfikia kila wiki. Maoni hakutoa tena.

Yeye akatoa katuni yake. Mwanafunzi mmoja akapewa kazi ya kuichora, inaitwa *Kiongozi Mwema*, kila picha ina mtu mviringo anayepeana mikono na watu wanaotabasamu. Mwanafunzi mpya hasajiliwi mpaka anunue nakala. Kwa mauzo ya karatasi imetuacha mbali kabisa. Sisi kitabu cha pili tulikichapa kwa maagizo ya awali, kwenye matbaa ndogo aliyotutafutia Mwalimu Wino, nakala chache, tukazisafirisha wenyewe.

Juzi tulikuwa na meza kwenye maonyesho ya vitabu, mimi na wifi, kofia tumezishusha usoni kwa jua. Akaja bwana mmoja wa heshima, na begi la ngozi, akakichukua kitabu chetu, akakifunua, akacheka, akakifunua tena. Kisha akaingiwa na shaka.

"Lakini hiki," alisema, "si mmekiiga kutoka *Kiongozi Mwema*?"

Nilifungua mdomo nimweleze tangu mwanzo, mabomba na yote. Wifi akaniwahi, akanikanyaga chini ya meza.

"Ndiyo, baba," alisema, tayari anatafuta mfuko. "Ila chetu kinachekesha. Nikufungie viwili?"

Akanunua vitatu.